Kujumlisha Vekta za Safari kwa Vijenzi: Umbali na Beringi kutoka Mwanzo

Swali. Ndege inaruka kutoka uwanja P hadi Q, umbali wa km 200 kwa beringi ya 060°. Kutoka Q inaelekea R, km 150 kwa beringi ya 160°. Kisha inaruka km 320 kwa beringi ya 260° hadi S. Tafuta umbali wa S kutoka P, na beringi ya S kutoka P.

Kumbuka kwanza kwamba beringi ni pembe inayoanzia kaskazini na kuzunguka jinsi mishale ya saa inavyozunguka. Huandikwa kwa tarakimu tatu.

Hatua ya kwanza: gawa kila safari katika vijenzi viwili. Kijenzi kimoja kinaonyesha ndege imesogea kiasi gani upande wa mashariki, na kingine kiasi gani upande wa kaskazini. Kwa kuwa pembe inaanzia kaskazini, cos inatoa kijenzi cha kaskazini na sin inatoa cha mashariki:

mashariki = d sin θ
kaskazini = d cos θ

Wengi huzigeuza hizi mbili kwa sababu wamezoea pembe inayoanzia kwenye mhimili wa x. Kuna njia rahisi ya kujikagua. Beringi ya 060° iko karibu zaidi na mashariki kuliko kaskazini, hivyo kijenzi cha mashariki lazima kiwe kikubwa zaidi. Kikitoka kidogo, umezigeuza.

Ingiza beringi nzima kwenye kikokotoo, hata ikizidi 90°. Alama za kutoa zitajitokeza zenyewe: kutoa upande wa mashariki maana yake ni magharibi, na kutoa upande wa kaskazini ni kusini.

| Safari | Mashariki | Kaskazini |
|---|---|---|
| PQ | 200 sin 60° = 173.21 | 200 cos 60° = 100.00 |
| QR | 150 sin 160° = 51.30 | 150 cos 160° = −140.95 |
| RS | 320 sin 260° = −315.14 | 320 cos 260° = −55.57 |
| Jumla | −90.63 | −96.52 |

Hatua ya pili: soma jumla kabla ya kuendelea. Jumla zote mbili ni hasi. S iko km 90.63 magharibi na km 96.52 kusini mwa P. Chora mchoro mdogo hapo hapo: P katikati, S chini kushoto. Mchoro huu ndio utakaookoa alama zako za mwisho.

Hatua ya tatu: umbali. Vijenzi viwili vinakutana kwa pembe mraba, kwa hiyo tumia kanuni ya Pithagora:

PS = √(90.63² + 96.52²) = km 132.4

Usijumlishe 200, 150 na 320. Hiyo km 670 ni njia yote iliyopitwa, nalo swali linauliza umbali wa moja kwa moja.

Hatua ya nne: beringi. Tafuta kwanza pembe kati ya mstari PS na mstari wa kaskazini–kusini, ukiacha alama za kutoa:

tan α = 90.63 ÷ 96.52, hivyo α = 43.2°

Hapa ndipo watahiniwa wengi huandika 043.2° na kufunga kazi. Kikokotoo hakina kosa: hasi ukiigawa kwa hasi hupata chanya, na habari kwamba ndege iko kusini-magharibi imepotea katika mgawanyo huo. Rudi kwenye mchoro. S iko chini ya P, hivyo 43.2° inapimwa kutoka kusini kuelekea magharibi. Kusini ni 180°, kwa hiyo:

Beringi ya S kutoka P = 180° + 43.2° = 223.2°

Ile 043.2° ina maana yake pia: ni beringi ya P kutoka S. Rubani aliye S akitaka kurudi moja kwa moja uwanjani, hiyo ndiyo atakayoifuata. Kwa hiyo soma kwa makini neno linalofuata "kutoka" katika swali. Hapo ndipo unaposimama kupima.

Jumla zikiangukia kaskazini-magharibi, beringi ni 360° − α. Kusini-mashariki, ni 180° − α. Kaskazini-mashariki, ni α yenyewe.

Kuhakiki. Chora safari zote kwa kipimo cha sm 1 kwa km 40. Mistari itakuwa sm 5, sm 3.75 na sm 8. Mstari wa PS unapaswa kukaribia sm 3.3. Ukiwa mbali sana na hapo, angalia kwanza kama kikokotoo kiko kwenye digrii, kisha kagua alama za kutoa katika jedwali.

Zoezi. Badilisha beringi ya safari ya tatu iwe 280° na uache mengine yote yalivyo. Kabla ya kukokotoa beringi, sema S iko robo gani.
*(Jibu: kaskazini-magharibi, km 91.8, beringi 279.2°.)*