Mkono Mzima Humfundisha Mwenzake

Bibi Mwanaidi aliteleza kisimani akavunjika mfupa karibu na kifundo cha mkono wa kushoto. Hospitali walimfunga plasta, wakamwambia akae nayo wiki 6. Mkono uliofungwa muda huo hukonda na kupoteza nguvu. Hata kukamua nguo huwa taabu. Je, afanye nini kabla plasta haijatolewa? Aufanyishe mazoezi mkono wa kulia.

Huenda ukacheka. Lakini mwaka 1894, katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mtu mmoja alizoezwa kubana kibofu cha mpira kwa mkono mmoja tu. Baadaye mkono ambao haukuzoezwa ulipimwa. Nguvu zake zilikuwa zimeongezeka kwa asilimia 43! Kwa watu wengi ongezeko ni dogo kuliko hilo. Mara nyingi mkono uliopumzika hupata karibu nusu ya faida ya mkono uliofanya kazi.

Nguvu hizo zinatoka wapi? Misuli ya mkono uliopumzika hainenepi. Kinachojifunza ni ubongo na mishipa ya fahamu. Ubongo ndio unaotuma amri ya kubana. Upande wa kushoto wa ubongo huamrisha mkono wa kulia, na upande wa kulia huamrisha mkono wa kushoto. Pande hizo zimeunganishwa, nazo hupashana habari. Upande mmoja ukizoea kutuma amri kali, na ule mwingine hunufaika.

Basi Bibi Mwanaidi, baada ya kumwuliza mganga wake, akunje kitambaa kigumu kiasi cha kujaza kiganja cha kulia. Akibane kwa nguvu zake zote huku akihesabu mpaka 3, kisha aachie. Afanye hivyo mara 8, apumzike dakika 2, na arudie mizunguko 2 zaidi. Siku 3 kwa wiki zinatosha. Asizuie pumzi anapobana. Akiweza kubana mara 20 bila kuchoka, ajue anabana kivivu, na kubana kivivu hakuleti faida. Tena abane kwa kiganja, kwani faida huenda kwenye misuli ileile ya upande wa pili. Kupiga teke hakutausaidia mkono.

Huko Kanada, mwaka 2013, ilitolewa habari ya wanawake waliovunjika kifundo cha mkono. Waliouzoeza mkono mzima walikuwa na nguvu zaidi katika mkono uliovunjika, wiki 12 baada ya kuumia. Ilipofika wiki ya 26, wenzao walikuwa wamewafikia. Kwa hiyo faida yenyewe ni kurudia kazi mapema.

Mazoezi haya hayaungi mfupa. Vidole vya mkono uliofungwa vikifa ganzi, vikiwa baridi au vya buluu, au maumivu yakizidi ndani ya plasta, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Maswali
1. Kwa nini mkono uliofungwa hupata nguvu ingawa misuli yake hainenepi?
2. Bibi Mwanaidi atajuaje kwamba anabana kivivu?