Mwelekeo na Msimu katika Mauzo ya Mwezi

Chukulia kuwa duka moja la Mpendae liliuza tende, kwa kilo, kuanzia Januari hadi Juni 2022 kama ifuatavyo: 52, 54, 56, 148, 60, 62. Mwaka huo karibu Ramadhani yote iliangukia Aprili.

Hatua ya 1: Mwelekeo. Hesabu miezi kwa t, Januari 2022 ikiwa t = 1. Ukiiacha Aprili kando, mauzo yanaongezeka kilo 2 kila mwezi, yaani M = 50 + 2t.

Hatua ya 2: Kigeu bandia. Hiki ni kigeu chenye thamani 1 msimu unapokuwepo na 0 usipokuwepo. Tukiite R. Kwa Aprili (t = 4) mstari unatoa kilo 58, lakini ziliuzwa 148. Tofauti ni 90, hivyo:

M = 50 + 2t + 90R

Ukipitisha mstari wa regresheni kwenye namba zote sita bila R, mteremko unakuwa 4.57 badala ya 2. Mwezi mmoja wa Ramadhani umeufanya ukuaji wa duka uonekane zaidi ya maradufu.

Tahadhari. Mwanafunzi huandika "R = 1 kila Aprili". Kwa data ya 2022 peke yake kosa hili halionekani, kwa sababu Aprili na Ramadhani zilikwenda pamoja. Lakini Ramadhani hufuata mwezi mwandamo, na kila mwaka hurudi nyuma takriban siku 11 katika kalenda ya kawaida.

Mfano. Kadiria mauzo ya Machi na Aprili 2024. Ramadhani ilianza 12 Machi na kuisha 9 Aprili.

Suluhisho. Badala ya 0 au 1 tu, R iwe sehemu ya mwezi iliyo ndani ya Ramadhani.

Machi: t = 27, R = 20/31
M = 50 + 54 + 58 = 162

Aprili: t = 28, R = 9/30
M = 50 + 56 + 27 = 133

Anayetumia "kila Aprili" angepata 104 kwa Machi na 196 kwa Aprili. Tende zingemwishia Machi, na Aprili zingemlalia dukani.

Kukagua jibu. Toa makadirio kutoka mauzo halisi ya kila mwezi. Ikiwa mwezi unaotangulia Ramadhani huzidi makadirio kila mwaka, ujue wateja hununua mapema. Ongeza kigeu bandia kingine kwa siku hizo.

Zoezi. Kwa mlinganyo uleule, kadiria mauzo ya Mei 2024. Kwa nini R = 0?

Jibu: t = 29; M = 108. Ramadhani ilikwisha Aprili.