Timu 6, nyumbani na ugenini

Swali: Ligi yetu ya mtaa ina timu 6. Nipangeje ratiba ili kila timu ikutane na wenzake nyumbani na ugenini?

Jibu: Zipe timu namba, kisha andika safu mbili: juu 1, 2, 3, chini yake 6, 5, 4. Zinazotazamana zinacheza, ya juu ikiwa mwenyeji. Raundi inayofuata, 1 haibanduki. Nyingine zote zisogee nafasi moja kufuata mwendo wa saa: juu 1, 6, 2. Chini 5, 4, 3. Raundi 5 zinatosha kukutanisha zote.

Hapa ndipo wengi hukosea: timu 1, kwa kuwa haitoki juu, hucheza mechi zote 5 nyumbani. Ipeleke ugenini raundi ya 2 na ya 4. Mzunguko wa pili, rudia ratiba ileile ukibadilisha wenyeji tu. Jumla mechi 30.