Kiboko Mmoja Hajazi A4

Mdogo wangu wa Mpanda, nimekuelewa. Simu yako imeandikwa megapikseli 48, umepiga viboko wa Mto Katuma pale Sitalike wakiwa mbali, na sasa unataka kumkata mmoja ajaze karatasi ya A4 ya kutundika sebuleni. Tufanye hesabu kabla hujapeleka hela studio.

Fungua taarifa za hiyo picha uangalie ukubwa wake. Usishangae ukikuta 4000 kwa 3000, yaani megapikseli 12 tu. Simu nyingi za aina hiyo huunganisha pikseli nne kuwa moja ili picha ipate mwanga na isiwe na chengachenga. Ukitaka 8000 kwa 6000, inabidi uchague 48MP kwenye kamera kabla ya kupiga, tena juani. Na bado usitegemee undani mara nne, maana lenzi ni ileile ndogo.

Picha ya kushika mkononi hupendeza ikiwa na pikseli 300 kwa kila inchi. Ya ukutani, inayotazamwa kwa hatua mbili tatu, 200 zinatosha. Chini ya 150 ukungu unaanza kuonekana. A4 ikilazwa ina upana wa karibu inchi 12, kwa hiyo unahitaji pikseli 2400 hivi. Kwenye picha yako ya 4000, bakiza sehemu tatu kati ya tano za upana, usizidi kukata. Ile ya 8000 ingekuruhusu kushuka mpaka chini kidogo ya theluthi. Na kumbuka, ukikata upana nusu na urefu nusu, unabaki na robo ya pikseli.

Sasa huyo kiboko wako. Kama amechukua sehemu moja ya kumi ya upana, ana pikseli 400. Ukimtandaza kwenye A4 anapata kama 34 kwa inchi, na utaona viboksi badala ya ngozi. Mwache na wenzake: kata mbingu na nyasi za pembeni, libaki kundi lililojazana kwenye matope. Kwa status ya simu, hata huyo mmoja anaweza kupita.

Safari ijayo piga asubuhi. Mchana wa kiangazi hewa ya moto hutetemesha sura ya kitu cha mbali, na pikseli nyingi hazitibu hilo. Kuvuta kwa vidole nako, kama simu haina lenzi ya mbali, ni kukata tu mapema. Ila usisogelee ukingo kwa ajili ya picha. Kiboko hana utani.

Kata nakala, siyo picha yenyewe. Ukiituma studio kwa WhatsApp, itume kama dokyumenti, la sivyo itapunguzwa njiani na hesabu yote hii itakuwa bure.