Kiwanja cha Marehemu na Kodi ya Marekani

Mzee alinunua kiwanja Mombasa mwaka 1988 kwa shilingi 200,000, wakati huo kama dola 11,000. Alifariki Machi 2019. Mwanawe, mkazi wa Minnesota mwenye grini kadi, alikirithi na kukiuza Juni 2024. Kwa kuwa mkazi wa Marekani hutozwa kodi kwa mapato ya dunia nzima, mauzo haya lazima ayaripoti huko pia. Swali ni faida ihesabiwe kuanzia bei gani.

Wengi huanzia bei ya 1988, na hapo hujiumiza bure. Kifungu cha 1014 cha sheria ya kodi ya Marekani kinasema bei ya msingi ya mali ya urithi ni thamani yake sokoni siku mwenyewe alipokufa. Ni hivyo hata kama marehemu hakuwahi kukanyaga Marekani.

Tuseme siku ya kifo kiwanja kilikuwa na thamani ya shilingi milioni 12, na dola ilikuwa shilingi 100: bei ya msingi ni dola 120,000. Kiliuzwa kwa milioni 16.9, dola ikiwa shilingi 130, yaani dola 130,000. Ondoa dola 4,000 za dalali na wakili. Faida inabaki dola 6,000. Kwa kiwango cha asilimia 15, kodi ya serikali kuu ni dola 900. Angeanzia bei ya 1988, angelipa 17,250! Angalia pia kwamba kila bei imegeuzwa kwa kiwango cha siku yake. Ukitumia kiwango kimoja kwa zote mbili, umekosea.

Kosa la pili ni la tarehe. Mirathi huchukua miaka, na hati ikitoka kwa jina la mrithi mwaka 2022, yeye huchukua thamani ya 2022. Siyo. Ni siku ya kifo, iliyoandikwa kwenye cheti. Kama hakuna aliyethamini wakati ule (na nani hukumbuka jambo hilo akiwa matangani?), mthamini aliyesajiliwa anaweza kuandika ripoti ya thamani ya tarehe iliyopita, akitumia mauzo ya viwanja jirani ya wakati huo. Ripoti hiyo itunze pamoja na cheti.

Kwenye Fomu 8949, safu ya tarehe ya kupata mali huandikwa `INHERITED`. Mali ya urithi huhesabiwa kuwa ya muda mrefu hata ukiiuza baada ya wiki mbili.

Lakini kama Mzee alimhamishia mwanawe hati akiwa hai, hiyo ni zawadi, na faida huanzia bei aliyonunulia Mzee. Familia nyingi hufanya hivyo kukwepa usumbufu wa mirathi, kisha kodi ikawakuta mbele.