Usizibe Kelele kwa Kelele
Kijitabu cha kaya za mjini

Kisomeni nyumbani kwa sauti, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza. Televisheni iwe imezimwa.

Kwa nini nimekiandika

Kila wiki wanakuja kwenye kituo chetu cha afya watu wa namna moja. Kichwa kinauma tangu mchana, moyo unakwenda mbio mtu akiwa amekaa tu, usingizi haumtoshi hata akilala mapema, na watoto wakicheka kidogo anawafokea. Wengi wamekwisha kunywa dawa ya malaria bila kupima. Tukipima, malaria hakuna. Ndipo huwa nauliza: unakaa wapi, unafanya kazi wapi, na ukiwa kwenye daladala masikioni unaweka nini?

Jibu nalijua kabla halijatoka. Daladala lina kelele, basi mtu anavaa hedifoni na kupandisha muziki wake mpaka usikike juu ya kelele hizo. Akifika nyumbani baa ya jirani inapiga ngoma, basi anaacha televisheni ikiunguruma mpaka asubuhi ili asiisikie baa. Anaziba kelele kwa kelele. Usizibe kelele kwa kelele.

Dada wa Chanika

Nimpe jina la mtaa wake tu. Anakaa Chanika, anauza vitenge Kariakoo. Anaamka saa kumi usiku, anapanda gari la kumi na moja, na foleni ya Barabara ya Nyerere inamlaza njiani. Kwenda saa 2, kurudi saa 2, siku 6 kwa wiki. Hedifoni hazimtoki.

Alikuja akisema kuna mlio masikioni, kama mbu asiyeonekana, na unazidi akizima taa. Presha yake ilikuwa juu kidogo. Simu yake ni ya zile zinazoonyesha ukubwa wa sauti inayoingia masikioni. Tukaangalia pamoja: safarini ilikuwa inafika desibeli 90.

Desibeli ni kipimo cha sauti, kama kilo kwa mchele. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba sauti ya desibeli 80 unaweza kuisikiliza saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, zinabaki saa 4 tu kwa wiki nzima. Sasa hesabu safari zake. Saa 4 zinaisha Jumatatu jioni anaposhuka Chanika. Kuanzia Jumanne hadi Jumamosi anakula deni, na deni hilo ni saa 20.

Nilimwambia aache hedifoni garini, azime televisheni akilala. Alininunia. Baada ya wiki tatu alirudi: kichwa kimepoa, usingizi umerudi, presha imeshuka. Mlio wa sikio la kulia umepungua ila haujaisha, na simwahidi kwamba utaisha. Sikio lililoharibiwa na kelele haliponi kwa dawa.

"Mimi nimeshazoea"

Masikio yamezoea. Moyo haujazoea. Ukiwa umelala fofofo na pikipiki isiyo na ekzosi ikapita, moyo huruka hata kama hukuamka. Ikipita mara ishirini usiku mmoja, unaamka umechoka na hujui kwa nini.

Garini

Kwanza pima kelele bila kifaa chochote. Mtu aliye umbali wa mkono mmoja, je, inabidi upaze sauti ndipo akusikie? Kama ndiyo, hapo pana kelele ya kudhuru ukikaa saa nyingi kila siku, na kuongeza muziki juu yake ni kumwaga mafuta ya taa kwenye moto.

Kaa mbali na spika. Kwenye magari ambayo injini iko pembeni ya dereva, kaa mbali na injini pia. Mwombe konda apunguze muziki. Abiria mmoja akisema anachekwa, watatu wakisema anapunguza. Nimejaribu.

Famasi zina vizibo vya masikio vya sponji. Osha mikono, viringisha kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono mwingine, kiingize, kisha kishikilie nusu dakika kinapovimba. Kikivaliwa vizuri, sauti yako mwenyewe utaisikia nzito, kama unaongea ndani ya mtungi. Pamba ya kawaida haizuii kelele ya maana. Sikio linalotoa usaha lisizibwe kabisa. Vua vizibo kabla ya kushuka, wala usivuke barabara ukiwa umevaa. Ukipanda bodaboda, usivae.

Kama lazima usikilize kitu, panga sauti ukiwa chumbani penye utulivu, angalia namba yake, na garini usiipite namba hiyo. Husikii? Basi gari hilo lina kelele, zima. Usizibe kelele kwa kelele.

Msongamano

Ukibanwa mpaka kizunguzungu kikaanza, shuka kituo kinachofuata, hata kama nauli imeshakwenda.

Usiku

Hapa ndipo ninapogombana na watu. Zima televisheni. Zima redio. Usilale na hedifoni. Televisheni ni mbaya kuliko unavyodhani kwa sababu sauti yake inapanda na kushuka: sasa mtu ananong'ona, mara tangazo linalipuka. Kila mlipuko moyo unaruka. Wataniuliza kuhusu feni. Feni haina neno, mlio wake ni mmoja na ni mdogo.

Hamisha kitanda kutoka ukuta unaotazama baa au barabara, hata kama chumba kitakaa vibaya. Ziba nyufa za mlango kwa kitambaa. Vizibo vya sponji vinafaa kitandani pia, lakini mzazi anayelala na mtoto mchanga au mgonjwa asivae.

Onyo: usifunge madirisha kukimbia kelele huku jiko la mkaa likiwa ndani, hata likiwa na makaa machache. Moshi usioonekana unaua watu usingizini. Onyo: usinywe dawa ya mafua ili upate usingizi, wala vidonge vya usingizi vya kuazimwa kwa jirani. Onyo: vile vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu unavyokunywa jioni ili umalize kazi ndivyo vinavyokukodolesha macho saa nane usiku. Onyo: pombe inakulaza haraka na kukuamsha mapema.

Baa ikizidi, msiende mmoja mmoja kugombana. Andikeni siku na saa za kelele kwa wiki mbili, wapangaji kadhaa mtie sahihi, mpeleke serikali ya mtaa. Isiposaidia, NEMC hupokea malalamiko ya kelele. Wakati mnasubiri, usizibe kelele kwa kelele.

Ukifika nyumbani

Kabla ya kuulizwa ada ya shule na gesi iliyoisha, omba dakika kumi. Kaa chini, simu iwe mbali. Vuta pumzi polepole kwa pua, itoe polepole zaidi ya ulivyoivuta. Kaya nzima ijue kwamba anayetoka kazini hasemeshwi kwa dakika kumi, na yeye hafokei mtu.

Njoo kituoni

Sikio moja likiziba ghafla na usisikie, njoo siku hiyohiyo. Usisubiri wiki ukidhani ni nta, maana matibabu yakichelewa usikivu huenda usirudi. Maumivu ya kifua, njoo sasa hivi. Mlio wa masikio uliopita siku mbili, au usingizi uliopotea kwa wiki tatu, njoo tukupime presha na masikio.

Njoo na simu yako na hizo hedifoni. Nitataka kuziona.