Somo la Kikundi: Muuguzi wa Usiku na Mzee Mutuku

Somo letu safari hii ni hadithi fupi. Watu walio ndani yake ni wa kutungwa, lakini jambo lililompata mzee huyu hutokea kweli, hospitalini na hata nyumbani. Mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mkifika mwisho, zungumzieni maswali kabla ya kuendelea na kazi ya mwethya.

HADITHI

Katika hospitali moja huku Ukambani palikuwa na muuguzi wa zamu ya usiku aliyeitwa Sista Nduku. Wagonjwa walimpenda kwa sababu ya desturi yake moja. Saa kumi na moja alfajiri, kabla jogoo hawajanyamaza, alizunguka wodi nzima kitanda kwa kitanda, akimsalimu kila mgonjwa kwa jina lake. Hakusema "wewe wa kitanda cha nne", wala "yule wa sukari". Alisema, "Kioko, umeamkaje?" Kisha alisimama pale akangoja jibu.

Kila mgonjwa alikuwa na jibu lake. Kijana Kioko, aliyevunjika mguu, alisema, "Niko, Sista, lakini huu mguu!" Mwaitu Syombua hakusikia vizuri, kwa hiyo Sista alimgusa bega kwanza, na mama akainua mkono na kutabasamu. Mzee Mutuku wa kutoka Nuu ndiye alikuwa na maneno mengi. Kila alfajiri alimjibu, "Nimeamka, binti yangu. Na wewe umelala saa ngapi?" Wote wakacheka, maana nani asiyejua kwamba Nduku na Mutuku ni majina ya waliozaliwa usiku!

Muuguzi mmoja mgeni alimwuliza, "Sista, mbona unapoteza wakati hivi? Wagonjwa ni wengi, na bado kuna dawa za kugawa." Sista Nduku akajibu, "Hapa ndipo ninapowapima. Ngoja utaona."

Ilikuwa mwezi wa Novemba na mvua zilikuwa zimeanza. Mito ya mchanga ilijaa, na mke wa Mzee Mutuku, aliyezoea kumletea uji kila jioni, alishindwa kuvuka. Jioni hiyo saa kumi na mbili mzee alidungwa sindano yake ya insulini kama kawaida. Baadaye chakula cha hospitali kikaja, na kilikuwa muthokoi. Mzee hana meno. Alionja kidogo, akasukuma sahani chini ya kitanda, akajifunika blanketi. Wauguzi wa mchana walikuwa wanafunga zamu, na hakuna aliyemwuliza kama amekula. Saa sita usiku Sista Nduku alipita na tochi, akamwona amelala kwa utulivu, akamwacha apumzike.

Alfajiri akaanza kusalimu. Alipofika kwa mzee akasema, "Mzee Mutuku, umeamkaje?"

Mzee akasema, "Ee."

Basi, "Ee" tu. Muuguzi mgeni alikuwa tayari amesogea kitanda cha pili, maana mtu amesalimiwa na ameitika. Sista Nduku hakuondoka. Akauliza, "Mzee, umelala vizuri?" Akasema, "Ee." "Una maumivu?" "Ee." Hapo Sista akabadilisha swali. "Baba, niambie jina lako ni nani, na hapa tuko wapi."

Mzee akamtazama kama mtu aliye mbali. Akasema, "Mbuzi wamevuka?"

Sista akaweka mkono kwenye paji la uso wake. Lilikuwa na jasho, tena jasho la baridi, na blanketi lilikuwa limelowa shingoni. Akachukua kipimo cha sukari, akatoboa kidole. Kipimo kikasoma 2.2. Mtu anayetumia dawa ya sukari akishuka chini ya 4, anatakiwa kusaidiwa hapo hapo.

Akamketisha mzee wima, akampa maji kidogo sana kwanza aone kama anaweza kumeza. Akameza bila kukohoa. Ndipo akakoroga vijiko vinne vidogo vya sukari katika nusu gilasi ya maji, akamnywesha polepole. Akaangalia saa. Baada ya dakika 15 akapima tena, ikawa 3.4. Akampa kiasi kile kile mara ya pili. Dakika 15 nyingine zikapita, ikawa 5.1. Mzee akafuta uso, akamwangalia, akasema, "Binti yangu, mbona umenisimamia hivi? Leo hujalala kabisa?"

Sista Nduku akaketi ukingoni mwa kitanda. Miguu yake ilikuwa inatetemeka. Akamwagiza muuguzi mgeni alete uji na mkate, kwa sababu sukari ya kunywa huisha upesi mwilini na ingeshuka tena. Walipoinama kupanga viatu wakaiona sahani ya muthokoi.

Sasa sikilizeni jambo hili. Saa kumi na mbili na nusu mzee alitakiwa kudungwa insulini ya asubuhi, ambayo kwake ilikuwa kubwa kuliko ya jioni. Ile sindano ilikuwa tayari kwenye orodha. Angedungwa bila kupimwa, kwa sababu tu alisema "Ee", huenda wangempoteza kabla ya jua kupanda. Sista hakumdunga. Alimwita daktari wa zamu, naye akampima mzee na kupunguza kipimo cha dawa.

Wakati wa kukabidhi zamu, Sista aliandika yote kitabuni, hata lile lililomwuma: "Saa sita usiku nilimwona amelala, sikumwamsha, sikumwuliza kama alikula." Tangu siku hiyo, katika wodi ile, hakuna aliyedungwa insulini ya jioni mpaka chakula chake kiwe kimefika na ijulikane kwamba anaweza kukila.

TUJIFUNZE

Kwa nini alfajiri? Insulini aliyodungwa mzee ni ile ya mchanganyiko. Sehemu yake moja hufanya kazi mapema, wakati wa chakula. Sehemu ya pili huenda polepole, na nguvu zake huwa kubwa kuanzia kama masaa manne hadi kumi na mawili baada ya sindano. Hesabuni wenyewe: aliyedungwa saa kumi na mbili jioni, dawa inamfanyia kazi sana kuanzia saa nne usiku mpaka alfajiri. Ikiwa hakula, dawa haina chakula cha kufanyia kazi, inaishusha tu sukari iliyomo kwenye damu. Na ubongo hutegemea sukari hiyo. Ndiyo maana akili huvurugika.

Kwa nini "Ee" haikutosha? Mtu aliyechanganyikiwa anaweza kuitikia kila kitu. Ukimwuliza, "Wewe ni Mutuku?" atasema ndiyo, hata kama yeye ni Kioko. Swali linalojibiwa kwa ndiyo au hapana halipimi akili. Linalopima ni lile linalomtaka mtu atoe jibu lake mwenyewe: jina lako nani, tuko wapi, leo ni siku gani. Hata kipimo cha fahamu kinachotumiwa na madaktari, kilichotungwa huko Glasgow mwaka 1974, hufuata njia hiyo. Huangalia mambo matatu: macho, maneno na mwendo wa viungo. Mtu anayeongea lakini maneno yake hayalingani na swali, tayari amepungukiwa alama.

Jambo hili linahusu pia ugawaji wa dawa. Katika wodi moja huku kwetu unaweza kuwakuta akina Mutuku wawili na akina Mwikali watatu. Kwa hiyo kusalimu kwa jina ni vizuri, lakini kabla ya kumpa mtu dawa, mwache yeye ajitaje jina lote, kisha ulinganishe na kadi au namba yake.

Kwa nini Sista aligundua? Kwa sababu alijua jibu la kila siku la mzee. Angekuwa mgeni kwake, "Ee" lingeonekana ni jibu la mzee aliyechoka. Salamu moja haisemi mengi. Inayosema ni tofauti kati ya leo na jana. Hata hivyo salamu haioni kila kitu. Homa, kutokwa damu na shida ya kupumua vinaweza kumpata mtu anayejibu vizuri kabisa, kwa hiyo vipimo vingine haviachwi.

NYUMBANI KWETU

Wengi wetu tunaishi na wazee wenye ugonjwa wa sukari, na hospitali iko mbali. Msalimu mzee kwa jina kila alfajiri, ungoje jibu. Ukiona jasho la baridi, kutetemeka, hasira isiyo ya kawaida, au maneno yasiyoeleweka, usiseme amelewa wala amerogwa. Fikiria sukari imeshuka.

Kama anaweza kuketi na kumeza, mpe vijiko vinne vidogo vya sukari katika maji. Ngoja dakika 15. Kama hajarudi sawa, rudia. Akirudi, mpe chakula. Ikiwa huna kipimo, mpe tu, kwa maana sukari kupanda kidogo kwa muda si hatari kama kuchelewa.

Kama hawezi kumeza au amezimia, usimmiminie kitu chochote mdomoni, hata soda, maana itaingia mapafuni. Mlaze ubavu na mtafute gari haraka.

Na kama anatumia vidonge vya glibenklamaidi, mpelekeni hospitali hata akiamka vizuri. Vidonge hivyo, hasa kwa mzee au mwenye figo dhaifu, vinaweza kuendelea kuishusha sukari siku nzima.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

1. Ni nani walikuwa na nafasi ya kujua kwamba Mzee Mutuku hakula? Kila mmoja angefanya nini?

2. Sista Nduku aliandika kosa lake mwenyewe kitabuni. Wodi ilipata faida gani?

3. Katika kikundi chetu, ni wazee gani wanaodungwa insulini au kumeza vidonge vya sukari? Mito ikijaa, nani atawafikishia chakula?

4. Wawili wawili, jaribuni: mmoja awe mzee anayesema "Ee" kwa kila swali. Mwingine atafute swali litakalomfichua.